Barua ya vipimo vya bango: urefu kwenda wapi?

*Nina duka la pembejeo hapa Newala. Mchapaji wangu yuko Mtwara mjini, kwa hiyo huwa namwandikia barua na kuituma kwa basi. Mwaka jana niliandika "bango, urefu mita 4, upana mita 1". Likaja bango la kusimama, jembamba, halina pa kukaa. Yeye anasema alifuata barua. Sasa nataka jipya la kuweka juu ya mlango. Niandikeje vipimo asikosee tena?*

Ndugu yangu, mchapaji wako alifuata barua kweli, na wewe uliandika Kiswahili kisicho na kosa. Kilichowagombanisha ni neno "urefu". Kitu kilicholala, urefu wake ni ule upande mrefu: urefu wa jamvi, urefu wa ubao, urefu wa mtumbwi. Kitu kilichosimama, urefu wake ni kutoka chini kwenda juu: urefu wa mtu, urefu wa mnazi, urefu wa ukuta. Bango la duka lina hali zote mbili kwa pamoja. Limelala kama ubao, lakini linatundikwa ukutani kama kitu cha kusimama. Wewe ulikuwa unaliona kama ubao. Mchapaji aliliona kama ukuta.

Na ana sababu. Anapofungua kazi mpya kwenye kompyuta anakutana na visanduku viwili, kimoja kimeandikwa W na kingine H. W ni kipimo cha kushoto kwenda kulia, H ni cha juu kwenda chini. Wengi wetu tuliojifunza kazi hii kwa Kiswahili tunaita W "upana" na H "urefu". Barua yako ikasema upana mita 1, urefu mita 4, naye akajaza kama ilivyo. Mimi mwenyewe nimeharibu fleksi ya watu, lile turubai la plastiki la kuchapia mabango, kwa kosa hilihili, kabla sijazoea kumpigia mteja simu kila nikiona maneno hayo mawili yamekaa pamoja bila mchoro.

Kwa hiyo jambo la kwanza: katika barua yako achana na "urefu" na "upana" kabisa. Andika "kutoka kushoto kwenda kulia" na "kutoka juu kwenda chini". Halafu ongeza neno moja la kufunga mjadala: bango ni la kulala. Usitegemee mpangilio wa namba pekee. Sisi wachapaji tukiona 400 × 90 tunasoma namba ya kwanza kuwa ya kushoto kwenda kulia, lakini wateja wengi huandika kinyume, na mchapaji aliyekwisha kukutana nao anaweza kugeuza akidhani anakusaidia.

Jambo la pili ni kizio. Andika sentimita tupu, namba nzima isiyo na nukta. Sababu yake ni futi. Tepu yako ina sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, na mafundi wengi wa huku bado wanafikiri kwa futi. Ukiandika "mita 4 kwa sentimita 90", mtu anaweza kuigeuza kuwa futi 13 kwa 3 ili akadirie bei haraka, kisha akachapa hivyohivyo. Futi 13 ni sentimita 396 na kidogo. Zimepotea karibu sentimita 4, na kwenye fremu ya chuma ya sentimita 400 hizo ni nyingi. Ubaya mwingine wa futi ni nukta. Mtu anapima futi 10 na inchi 4, anaandika "10.4". Kompyuta inaisoma kuwa futi 10 na sehemu nne za kumi ya futi, yaani karibu inchi 5. Sentimita nzima haina mtego huo. Andika tarakimu, kisha uirudie kwa maneno kwenye mabano kama unavyofanya kwenye hati ya malipo: 400 (mia nne).

Sasa tuje kwenye kupima, kwa sababu barua nzuri yenye kipimo kibovu bado itakuletea bango bovu. Nitakupa mfano wa fremu moja ya duka niliyoipima Mikindani. (Nikisema "fremu ya duka" namaanisha chumba cha biashara. Ile ya kuvalisha bango nitaiita "fremu ya chuma". Na wewe zitenganishe hivyo kwenye barua, maana mchapaji akisoma "bango lienee fremu" hajui ni ipi.)

Duka lile lilikuwa na nafasi ya bango kati ya nguzo mbili za kibaraza, chini ya ukingo wa paa, juu ya mlango. Mwenye duka alikuwa amepima mara moja tu, pale chini alipofika kwa mkono, akapata 412. Nilipanda ngazi nikapima mara tatu. Chini ilikuwa 412 kweli, katikati 410, na juu karibu na paa 409. Nguzo zilikuwa zimeinamiana kidogo, na kwa macho huwezi kuona. Kutoka juu kwenda chini nikapima tena mara tatu: kushoto 98, katikati 96, kulia 95. Paa lilikuwa limelala upande wa kulia. Bango la 412 kwa 98 lisingeingia pale hata kwa nyundo.

Katika vipimo vitatu unachukua kilicho kidogo kuliko vyote. Pale vilikuwa 409 na 95. Kisha unapunguza, kwa sababu fremu ya chuma inahitaji nafasi ya kuingia na ya mkono wa fundi. Tulishuka hadi 400 kwa 90. Mwenye duka alilalamika kwamba tunapoteza nafasi, akataka 94 kutoka juu kwenda chini. Nilimwonyesha kwa penseli ukutani. Fremu ya 94 iliyonyooka ingeacha upenyo wa sentimita 4 kushoto na sentimita 1 kulia, na kila mpita njia angeona kwamba paa limepinda. Fremu ya 90 inaacha 8 kushoto na 5 kulia. Tofauti ni zilezile sentimita 3, lakini jicho haliishiki, kwa sababu upenyo wenyewe ni mpana. Bango likikaribia sana paa ndipo kasoro ya paa inapojitangaza.

Kuhusu tepu yenyewe, pima kwa tepu ya chuma. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani ina sentimita 150 tu. Utaihamisha mara mbili, na kila ukihamisha unaongeza kosa, tena ikizeeka inavutika. Kama ndoano ya mwanzo wa tepu imepinda, fundi anayejua huanzia kwenye alama ya 10 badala ya sifuri. Ni njia nzuri, ila lazima akumbuke kutoa hizo 10 mwishoni. Ukiona bango limezidi sentimita 10 kamili, wala 9 wala 11, mara nyingi huo ndio mchezo uliotokea. Usipime peke yako. Mita nne ukiwa peke yako tepu inalegea katikati na kukupa namba kubwa kuliko ukweli.

Halafu kuna jambo ambalo ndilo linaloharibu mabango mengi zaidi ya hilo la urefu na upana. Unaposema 400 kwa 90, ni ukubwa wa nini? Kuna uso unaoonekana na kuna kipande kinachokatwa kwenye roli, navyo havilingani. Fleksi ikivalishwa kwenye fremu ya chuma inazunguka ukingo wa bomba, inakunjwa nyuma na kufungwa huko. Bomba la pembe nne la inchi moja peke yake linakula sentimita 2.5 za ukingo, kisha unahitaji nyama ya kutosha nyuma ili fundi aishike na kuivuta. Mimi huacha sentimita 10 kila upande. Wapo wanaoacha 5 kuokoa fleksi, na hao ndio utawaona fundi wao ametoboa ukingo kabisa, na upepo wa kusi ukianza mabango yao yanachanika kuanzia pembeni.

Kwa hiyo uso wa 400 × 90 unatoka kwenye kipande cha 420 × 110. Ukiandika 400 × 90 bila maelezo, mchapaji anaweza kukata hivyohivyo, fundi akikunja sentimita 10 kila upande utabaki na uso wa 380 × 70. Kama maandishi yalifika karibu na ukingo, herufi ya kwanza na ya mwisho zitakuwa zimeviringika nyuma ya bomba. Nimeliona bango la duka ambalo namba ya simu ya mwenyewe iliishia nyuma ya chuma, tarakimu mbili za mwisho hazionekani. Bango lilikuwa na rangi nzuri na limevutwa vizuri, lakini hakuna aliyeweza kumpigia.

Hiyo nyongeza inagusa bei pia, na ni vizuri uijue kabla ya kubishana. Uso wako ni mita za mraba 3.6, kipande kinachokatwa ni 4.62. Muulize mapema anakutoza kwa kipi. Kutoza kwa kipande kilichokatwa ni haki yake, fleksi imetumika, lakini lisemwe mwanzoni. Kuhusu kuunganisha usiwe na hofu. Mashine kubwa zinachukua roli ya upana hadi mita 3.2, na hata zile ndogo za mita 1.6 zinatosha, kwa sababu upande wako mfupi ni sentimita 110 tu na ule mrefu unafuata mkimbio wa roli. Litoke kipande kimoja, na uandike hivyo.

Ukifuata mfano ule wa Mikindani, barua yako ingesomeka hivi. Badilisha namba, uweke za kwako:

S.L.P. ............
Newala
Tarehe ............

Kwa Mchapaji,
S.L.P. ............
Mtwara

YAH: VIPIMO VYA BANGO LA DUKA, KIPANDE KIMOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba unichapie bango moja la fleksi la kuvalishwa kwenye fremu ya chuma juu ya mlango wa duka. Bango ni la kulala, si la kusimama.

Uso unaoonekana mbele, kutoka kushoto kwenda kulia, ni sentimita 400 (mia nne). Kutoka juu kwenda chini ni sentimita 90 (tisini).

Zaidi ya uso huo, ongeza sentimita 10 (kumi) kila upande, pande zote nne, za kukunjia nyuma. Kipande kizima kikikatwa kiwe sentimita 420 kushoto kwenda kulia na sentimita 110 juu kwenda chini, bila kiungo. Rangi ya chini iendelee mpaka ukingo wa mwisho wa kipande. Maandishi na picha vibaki ndani ya uso unaoonekana, umbali usiopungua sentimita 10 kutoka ukingo wa uso huo.

Kwenye ukingo wa nje naomba uweke vistari vidogo vya kuonyesha pembe za uso zilipo, ili fundi ajue pa kukunjia. Usiweke pindo wala pete za chuma.

Maandishi ni: PEMBEJEO ZA KILIMO, mstari mmoja. Chini yake namba ya simu kama nilivyoiandika kwenye karatasi ya pili.

Tafadhali usigeuze vipimo hivi kuwa futi. Kabla ya kuchapa nitumie picha ya kazi ikiwa na vipimo vimeandikwa juu yake, na usianze mpaka nikujibu kwamba nimekubali.

Wako mteja,
(Sahihi, jina na simu)

Nyuma ya barua, au kwenye karatasi ya pili, chora. Mchoro hauhitaji ustadi. Chora mstatili uliolala, ndani yake andika jina la duka jinsi litakavyosomeka, upande wa juu andika JUU. Chora mshale wa kushoto kwenda kulia chini ya mstatili na uandike 400 juu yake, kisha mshale wa juu kwenda chini pembeni na uandike 90. Kuzunguka mstatili huo chora mwingine wa vitone, uandike "10 za kukunjia". Ukiniambia nichague kimoja, barua au mchoro, nitachukua mchoro, kwa sababu maandishi yaliyoandikwa ndani ya mstatili yanaonyesha bango limelala bila neno lolote. Barua nayo ni ya kumshika mtu kwa maneno yake siku mambo yakiharibika.

Ile sentensi ya maandishi kukaa sentimita 10 ndani ya uso si ya urembo. Roli inapokimbia kwenye mashine, kipande cha mita nne kinaweza kutoka kimepungua au kuzidi sentimita moja hivi, na fundi anapovuta hawezi kuweka katikati kwa usahihi wa kidole. Nafasi hiyo inameza makosa yote mawili. Ukubwa wa herufi nao unatoka hapohapo. Ukitoa 10 kila upande zinabaki sentimita 380 za kuandikia. PEMBEJEO ZA KILIMO, ukihesabu na nafasi mbili za katikati, ni sehemu 18. Herufi kubwa nene kwa wastani upana wake ni kama sehemu saba za kumi ya kimo chake, hivyo kimo kitakuwa karibu sentimita 30. Kwa kanuni tunayotumia, sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali, mstari huo unasomeka bila taabu kutoka mita 36. Kwa barabara ya mjini inatosha sana. Ukianza kuongeza maneno, "salfa, mabomba ya kupulizia, mbegu bora" yote kwenye mstari huohuo, herufi zinashuka mpaka mkulima wa korosho aliye ng'ambo ya barabara haoni kitu.

Picha ya kazi ikirudi kwenye simu yako, usiangalie rangi kwanza. Chukua rula, pima bango kwenye kioo cha simu: kushoto kwenda kulia milimita ngapi, juu kwenda chini milimita ngapi, kisha gawanya ya kwanza kwa ya pili. Uso wa 400 × 90 lazima ukupe karibu 4.4. Akikuonyesha kipande kizima pamoja na sehemu ya kukunjia, utapata karibu 3.8. Ukipata 4 kamili, ujue ameandika mita 4 kwa 1. Simu haiwezi kukuonyesha ukubwa halisi, lakini uwiano haubadiliki, na ndio unaoumbua namba iliyoingizwa vibaya.

Fundi wa fremu ya chuma mpe vipimo vya uso, 400 × 90 kwa nje, asiguse zile 420 × 110. Hapo mchapaji na mchomeleaji wanapopewa karatasi moja bila maelezo, mara nyingi mchomeleaji hushika namba kubwa. Akimaliza, pima fremu kwa mshazari, kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu mshazari wa pili. Kwa 400 × 90 mishazari yote miwili ni sentimita 410 kamili. Mmoja ukiwa 412 na mwingine 408, fremu imepinda, na fleksi itakuwa na mikunjo kwenye pembe mbili hata uivute vipi. Irudishwe kabla haijapakwa rangi. Ukichelewa utamlipa mara mbili.

Kama huna mpango wa fremu ya chuma na unataka kulifunga kwa kamba, barua inabadilika. Uso na kipande kilichomalizika vinakuwa kitu kimoja, 400 × 90, na nyongeza ya kukunjia inaondoka. Badala yake unaomba pindo lililogandishwa kuzunguka pande zote na pete za chuma kila baada ya sentimita 50. Kwa bango hili ni pete 9 juu, 9 chini, na moja katikati ya kila ubavu, jumla 20. Ziandike kwa idadi. Ukisema "weka pete za kutosha" utapata nne za pembeni, na kwenye upepo wa huko kwenu uwandani pete nne hazimalizi msimu.

Likifika stendi, usisaini upokezi kabla ya kulifungua. Lizungushwe kwenye bomba la karatasi, lisikunjwe, kwa sababu mkunjo wa fleksi hubaki kama kovu. Lilaze sakafuni kivulini, lipime katikati yake kwa tepu ileile uliyopimia ukuta. Kisha siku ya kulivalisha lipeleke juani lipate joto kidogo. Fleksi ya moto inalainika na kuvutika, ikipoa jioni inajikaza yenyewe. Ukiivalisha alfajiri kukiwa na baridi ya Newala, mchana itatepeta, na utamlaumu mchapaji kwa sentimita ambazo hakukosea.